Shati la Safu Ipi

Mama yangu alikuwa na mashahidi watatu. Kila nilipofika nyumbani kutoka Shinyanga alinihesabia kwa vidole, hata kabla sijatua mkoba. Wa kwanza, muuza nguo wa Kalangalala, kule Geita mjini. Wa pili, binamu yangu anayeendesha bodaboda Runzewe. Wa tatu, katekista wa kigango chetu, na hapo mama alikuwa akikikaza kidole chake, maana katekista si mtu wa kusema uongo. Wote watatu walisema mdogo wangu yu hai.

Wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu, yeye alikuwa na shati. Alilitunza ndani ya mfuko wa nailoni juu ya kabati, shati la kazi lenye kiraka begani ambacho alikishona mwenyewe kwa uzi wa buluu kwa sababu mweusi ulikuwa umekwisha. Mdogo wangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu Mwakitolyo. Asubuhi moja duara, lile shimo walilokuwa wakichimba, lilititia, na kifusi kikaziba njia ya chini. Waliokolewa wachache, zikatolewa maiti mbili, kisha ardhi ikaendelea kumeguka na watu wakakatazwa kusogea. Mashati ya waliokuwa wameshuka yalibaki juu, na lake lilikuwamo. Wifi alilitambua kwa kile kiraka.

Basi nyumba yetu ilikuwa na watu wawili wanaolala chini ya bati moja, mmoja na mwana aliye hai, mwingine na mume aliyekufa, na mtu ni yuleyule. Kila jioni mama alipakua sahani ya mwanawe, akaifunika kwa kawa na kuiweka pembeni mwa meza. Asubuhi kile chakula walipewa kuku. Wifi alikuwa akimwambia, "Mama, aliyekwenda amekwenda." Naye mama hujibu, "Je, akija na njaa, nitamwambia nini?" Niliyasikia maneno hayo mara nyingi hata nikayachukia. Nilimchukia yule kuku mwekundu aliyekuwa akijua saa ya kufunuliwa kawa kuliko mtu yeyote nyumbani.

Wifi hakuwa mjane, wala hakuwa na mume. Hakunyolewa, hakuvaa nguo za msiba, hakupewa hata pole iliyo kamili, maana watu hawakujua wampe pole ya nini. Na alikuwa bado kijana. Fundi seremala mmoja wa Ushirombo, aliyefiwa na mkewe, alikuwa amekuja kwa heshima kuzungumza na wazee. Alitaka ndoa ya kanisani, na hapo ndipo kila kitu kilipokwama. Padri wa parokia alitueleza taratibu kwa upole. Jimbo linaweza kumtangaza mume kuwa anahesabiwa amekufa, lakini si kwa kukosekana tu, hata akikosekana miaka mingi. Lazima pawe na ushahidi unaoifanya dhamiri itulie, isibaki na shaka ya maana. Akataka maelezo ya familia. Familia ingesema nini, wakati mama mzazi ana mashahidi watatu wanaosema yu hai?

Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, ndiye aliyenitwika mzigo. "Wewe si ndiye unayewafundisha mafrateri mantiki?" aliniuliza. "Kila siku tunasikia mantiki, mantiki. Haya, kapime hayo maneno. Ya mama yako na ya mkamwana. Utuletee jibu, tumpelekee padri."

Ni kweli, ndiyo kazi yangu. Nafundisha mantiki katika nyumba ya malezi ambako vijana wanaosomea upadri hupitia falsafa kabla ya kuendelea mbele. Mimi ni mlei na mwanamke, kwa hiyo mwaka wa kwanza kila darasa huwa linanitazama kama mtu aliyekosea mlango. Nina hasira za karibu, wanazijua. Mtu akisema "ni dhahiri" darasani kwangu, husimama mpaka aonyeshe udhahiri wake uko wapi.

Muhula ule nilikuwa nafundisha jinsi sababu zinavyopangika chini ya hitimisho. Sikupenda mifano ya vitabuni, kwa hiyo nilichukua ya nyumbani. Ziko sababu zinazofungamana, niliwaambia, nazo ni kama mafiga. Figa moja haliinjiki chungu, wala mawili. Ukisema huyu lazima alipe ada kwa sababu kila mwanafunzi hulipa ada, hujasema kitu mpaka uongeze kwamba huyu ni mwanafunzi. Sababu hizo mbili zinabebana. Ng'oa moja, chungu kinamwagika, hata kama ile iliyobaki ni ngumu kama mwamba.

Ziko zinazokuja kila moja kwa miguu yake kuelekea hitimisho moja. Hapo wengi wao walinielewa haraka, maana wengine wametoka kwenye familia za wachimbaji. Ni kama matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara. Gogo moja likioza, duara halina usalama uleule, lakini mengine bado yanashika. Sababu za namna hii zinaongezeana nguvu, haba na haba. Anayetaka kuiangusha hoja hawezi kung'oa moja akashangilia.

Na ziko zinazofuatana, ya kwanza inaishika ya pili, ya pili inaishika ya tatu, kama kamba iliyoungwa vipande. Hapo niliwakazia sana. Watu husema kamba ni imara sawasawa na fundo lake dhaifu, lakini hoja ina hali mbaya zaidi. Kila fundo ni "pengine". Pengine alisikia vizuri, pengine aliyemwambia alikumbuka vizuri, pengine wa kwanza aliona vizuri. Pengine tatu zikifuatana zinaacha shaka kubwa kuliko ya fundo lolote peke yake.

"Na kabla hujahesabu matimba," nilisema, "chungulia chini. Usije ukakuta magogo yako yote yamesimama juu ya gogo moja."

Frateri mmoja mrefu, anayependa kuniudhi, aliinua mkono. "Mwalimu, hoja ikianguka yote, hitimisho nalo si linakuwa uongo?"

"Halijawa uongo. Limebaki bila mlinzi, basi," nilimjibu. "Ukivunja sababu zote za mtu anayesema mvua itanyesha kesho, hujazuia mvua. Unarudi ulipokuwa. Hujui."

"Sasa tumepata faida gani?"

Darasa lilicheka, na mimi nilicheka kidogo. Leo nikikumbuka swali lile sicheki.

Nilianza na mashahidi wa mama. Nisijifanye nilikuwa mwamuzi asiye na upande. Nilikuwa upande wa wifi. Nilimwonea huruma, na nilichoka na ile sahani. Nilitaka mdogo wangu azikwe, hata kama ni kwa misa tu bila mwili, nilie machozi yangu yaishe. Kwa hiyo nilikwenda kwa wale mashahidi kama mtu anayekwenda kukata mti aliokwisha kuamua kuukata.

Katekista nilimkuta akipanga mabenchi kanisani. Alinipokea vizuri, tukaamkiana kwa kirefu, kisha nikamuuliza alimwona wapi mdogo wangu.

"Mimi sikumwona kwa macho," alisema bila kusita. "Nilisikia. Yupo Geita, anafanya kazi. Lisemwalo lipo, mwalimu."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa huyo binamu yako wa pikipiki. Na yeye hana sababu ya kudanganya."

Hakuwa na sababu, kweli. Nilimkuta Runzewe kituoni, amekaa kwa upande juu ya tangi la pikipiki akisubiri abiria. Aliruka chini kunisalimu. "Shikamoo dada." Nikaitikia, nikamuuliza swali lilelile. Akajikuna shingo.

"Mimi? Aa, dada, mimi sikumwona. Amemwona yule mzee wa nguo wa Kalangalala, anayeleta mizigo kwenye gulio. Kaniambia mwenyewe, kamwona kabisa."

"Alikwambia anafanya kazi Geita?"

"Hilo la kazi…" alitafuta maneno. "Sasa dada, mtu mzima akionekana mjini anafanya nini, kama si kazi?"

Nilitaka kumchapa kofi na nilitaka kumkumbatia. Hakusema uongo hata kidogo. Alilikuta tundu, akaliziba kwa ubinadamu wake. Na katekista alipopokea akaliona limezibwa vizuri, akalipeleka neno kwa mama likiwa zima.

Nikapanda gari mpaka Geita. Muuza nguo alikuwa mzee wa Kiislamu, familia yake ilihamia bara kutoka pwani zamani sana, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata akitaja bei. Duka lake lilitazama barabara ya vumbi ambako malori ya kokoto hupita mchana kutwa. Nilimwamkia, akanipa kiti cha plastiki na kumtuma mtu alete chai. Nilipomwambia mimi ni dada wa nani, aliweka mkono kifuani.

"Mtoto yule namkumbuka. Alikuwa akinunua kwangu Runzewe, na kila mara aniombe nimpunguzie mpaka nicheke."

"Mzee wangu, nasikia ulimwona hapa."

Alikuwa mtu wa kupima kauli zake, na nikajua kabla hajajibu.

"Mwanangu, mimi nilisema kama nimemwona. Alipita pale ng'ambo, amenipa mgongo. Mwendo wake, yale mabega, nikasema si huyu? Nikamwita kwa jina. Likapita lori. Lilipokwisha kupita, hayupo."

"Aligeuka ulipomwita?"

"Lori lilikuwa katikati yetu. Sikuona kama kageuka." Akanitazama kwa wasiwasi. "Kwani wamesemaje huko?"

Sikumwambia walivyosema. Nilikunywa chai yake, nikashukuru, nikaondoka. Mashahidi watatu wa mama walikuwa mmoja, na huyo mmoja aliona mgongo. Alichokiona mama kama matimba matatu kilikuwa kamba moja iliyoungwa vipande, na kadiri kamba ilivyokuwa ndefu ndivyo maneno yalivyozidi kujiamini. "Kama nimemwona" kwa mzee, "kamwona kabisa" kwa binamu, "yupo, anafanya kazi" kwa katekista. Mama alipokea ncha ya mwisho, iliyo imara kuliko zote.

Ningeweza kuishia hapo. Baba mkubwa asingeuliza zaidi. Lakini alisema nipime ya wote wawili, na kwa kweli nilidhani safari ya Mwakitolyo ingekuwa ya kutia muhuri tu. Nilitaka kuwaambia nyumbani kwamba nimelipima shati na limesimama.

Hoja ya wifi nayo ilikuwa kamba ndefu. Shati lilibaki juu, kwa hiyo alikuwa ameshuka. Alikuwa ameshuka, kwa hiyo alikuwa chini kifusi kilipoanguka. Alikuwa chini na hakutoka, kwa hiyo amekufa. Mafundo ya mwisho yalikuwa magumu, sikuyahofia. Hakuna mtu angeweza kuishi kule. Wasiwasi wangu ulikuwa fundo la kwanza tu, na lenyewe nililikagua nikaona limekaa juu ya mafiga mawili: shati lake lilikuwa juu, na shati la mchimbaji halibaki juu isipokuwa mwenyewe yuko chini. La kwanza halikuwa na ubishi, kiraka kilikuwepo. Nilikwenda kuuliza la pili.

Mwakitolyo nilionyeshwa mtu aliyekuwa akizungusha winchi asubuhi ile, ndiye aliyekuwa akiwashusha watu kwa kamba. Sasa yuko kwenye karasha, anasaga mawe, nywele na kope zimejaa unga mweupe. Alizima mashine tuweze kusikilizana, tukakaa juu ya viroba.

"Siku ile ilikuwa alfajiri, giza," alisema. "Wanashuka na taa kichwani, ukitazama zinakuumiza macho. Mimi nashusha watu dada, sishushi majina. Na njia za chini zimekutana na za duara la jirani. Mwingine anaingilia kule anatokea huku. Walikuwa wangapi? Kila mtu anakwambia lake."

"Lakini mashati yalihesabiwa."

"Yalihesabiwa."

"Na mtu haachi shati juu kama hajashuka."

Aliniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. "Nani kakwambia?"

Akaokota kijiti, akachora kwenye vumbi ukuta wa kibanda kilichokuwa mdomoni mwa duara. Ulikuwa na ubao wenye safu mbili za misumari. Safu ya kulia, waliokwisha kushuka. Safu ya kushoto, wanaongoja zamu. Ukitaka zamu ya mapema, unakuja jioni unatundika shati lako kushoto, unakwenda zako. Unaweza kulala, unaweza kwenda kunywa, unaweza kwenda mbali na usirudi. Shati linakushikia nafasi. Ukija kushuka unalihamisha kulia.

"La ndugu yangu lilikuwa safu ipi?"

Alikifuta kile kibanda cha vumbini kwa kiganja. "Lilipoanza kutitia, watu walikimbilia kibanda kisimezwe. Waling'oa kila kitu wakatupa nje, ubao, ndoo, mashati. Tulipokuja kuyahesabu yalikuwa lundo moja. Mengine yalipata wenyewe, walikuja wakachukua. La huyo halikuchukuliwa."

"Kwa hiyo hakuna anayejua."

"Hakuna, dada. Pole."

Aliwasha karasha yake. Nilibaki nimekaa juu ya kiroba nikihisi mtetemo wake ukipanda mgongoni, na nikalia pale, mbele ya wanaume walionitazama na kugeuza nyuso. Figa moja lilikuwa limeng'oka. Shati lilikuwa palepale, kiraka palepale, ukweli wake haukupungua hata kidogo, na haukuinjika chochote tena.

Nilijaribu kumwokolea wifi kilichobaki. Mdogo wangu hakupiga simu tangu siku ile. Namba yake haipatikani. Hakuja kuwaona watoto, naye alikuwa mtu wa watoto. Hakurudi kulichukua lile shati. Hizo zilikuwa sababu za kusimama zenyewe, hazikutegemea safu ya msumari. Lakini nilipochungulia chini yake, niliona zote ni kimya kilekile kinachosemwa kwa namna nyingi, na kukosekana peke yake ndicho padri alichotukataza kukitegemea. Wanaume wa machimbo hupotea wakiwa hai. Huhamia rashi nyingine, kwenye machimbo mapya, hubadili namba, huona aibu kurudi mikono mitupu. Nilimjua mdogo wangu, sikuamini kama angefanya hivyo. Hata hivyo kutoamini kwangu si ushahidi, na ningemsimamisha frateri yeyote aliyejaribu kunipa sababu ya namna hiyo.

Kikao kilikuwa alasiri, sebuleni kwetu. Baba mkubwa, mama, wifi, katekista, na shangazi mmoja aliyetoka Ushirombo. Nilitamani kuongea kwa kifupi. Nilianza na mashahidi wa mama, nikaeleza nilivyofuata neno kutoka kwa katekista mpaka kwa binamu, mpaka kwa mzee wa nguo, mpaka kwenye lori. Katekista aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemlaumu.

"Kwa hiyo mashahidi wangu ni mmoja," mama alisema.

"Ni mmoja, mayu. Na hakuona uso."

Alitazama vidole vyake vitatu, akavikunja vyote kwenye kiganja. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma kama kile kiganja.

Wifi alikuwa amenyanyua kichwa. Baba mkubwa alishusha pumzi, akasema, "Basi, Mungu amlaze pema. Tumemaliza."

"Hatujamaliza, baba mkubwa," nilisema. "Kuna la shati."

Wifi alinitazama. Macho yake yaliniambia ninyamaze. Ningeweza kunyamaza, wala hakuna ambaye angejua, na seremala angetengeneza kitanda cha arusi yake. Lakini niliagizwa nipime yote mawili, na mzani niliompimia mama mbele ya watu singeweza kuuficha kwa mwingine. Nikawaeleza safu mbili za misumari. Nikawaeleza lundo. Nilisema shati linaonyesha ama alikuwa chini, ama alikuwa anangoja zamu, na hakuna aliye hai anayeweza kutuambia lipi kati ya hayo.

"Ulikuwa upande wangu," wifi alisema polepole.

"Bado niko upande wako."

"Hapana, wifi." Aliondoka akaingia ndani, tukasikia mlango wa kabati.

Baba mkubwa aliudhika. "Nilikutuma ulete jibu. Umetuletea nini?"

Nikasema nimeleta ukweli, kwamba hatujui. Nilisema mbele ya wote, kwa sauti ya darasani, kwamba kuvunjika kwa maneno ya mashahidi hakumaanishi amekufa, na kuvunjika kwa hoja ya shati hakumaanishi yu hai. Nilirudia mara mbili. Shangazi aliitikia kwa kichwa kama watu wanavyoitikia mahubiri ya Kilatini.

Maelezo yalikwenda kwa padri kama yalivyo. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi na la huruma: haitoshi, tuendelee kutafuta habari, tuendelee kusali. Sikuweza kulikasirikia. Mimi mwenyewe ningeandika hivyohivyo.

Kazi ilinishika, na niseme ukweli, sikuwa na hamu ya kwenda. Niliporudi nyumbani ilikuwa likizo, mahindi yamekwisha kuvunwa. Mama alikuwa amekaa ukumbini juu ya mkeka na kichwa chake kimenyolewa. Niliogopa, nikadhani kuna mtu mwingine amekufa. Nikapiga magoti. "Mwangaluka, mayu." Aliitikia, akaniuliza habari za njiani, kisha akasema, kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya jana:

"Ulisema hawakumwona."

"Nilisema hatujui kama walimwona."

"Hawakumwona. Basi mwanangu yuko chini kule." Alipitisha kiganja kichwani. "Umenisaidia, mwanangu. Nilikuwa najidanganya."

Nilifungua mdomo kumsahihisha. Nilikuwa na maneno yote, nimeyafundisha miaka mingi, ninayajua hata usingizini. Lakini nilimtazama yule mama amekaa na kifo cha mwanawe alichokipokea kutoka mikononi mwangu, nikashindwa kumwambia kwamba hicho nacho hakina miguu.

Jioni wifi alipika, akaleta ugali na mlenda. Nilimuuliza kwa chinichini habari za seremala. Alisema alimwambia asije tena.

"Kwa nini, wifi?"

"Ulisema shati huenda lilikuwa safu ya kushoto." Alisema hivyo kwa uso uliotulia, uso wa mtu aliyepata habari njema. Shati halikuwa juu ya kabati tena. Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo mwanaume anayerudi nyumbani angelifikia kwa urahisi.

Nikaelewa kilichotokea. Kila mmoja alichukua nusu iliyomwangukia yeye. Mama alivunjiwa uhai, akachukua kifo. Wifi alivunjiwa kifo, akachukua uhai. Ile nusu ya katikati, ya kutojua, ambayo nilisafiri mpaka Geita na Mwakitolyo kuitafuta, hakuna aliyeitaka nyumbani kwetu, na siwezi kuwalaumu. Mimi mwenyewe nakaa humo, na mna baridi.

Tulipokwisha kunawa, wifi alichukua sahani ya mdogo wangu, akapakua, akaifunika kwa kawa na kuiweka pembeni mwa meza.

"Mwanangu," mama alimwambia kutoka mkekani, "wewe bado kijana. Aliyekwenda amekwenda."

"Je, akija na njaa, mama?" wifi alisema. "Nitamwambia nini?"

Waligeuka wote wawili kunitazama, kila mmoja akingoja nimuunge mkono, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amejifunza kwangu. Niliangalia chini, nikamega tonge. Sahani ya mdogo wangu ilikuwa karibu na kiwiko changu, na bado ilikuwa ya moto.